Mbinu za Utafiti: Upimaji wa Mimea kwa Transekti na Kwadrati, Hombolo, Dodoma

Eneo na muda

Vipimo vilifanyika magharibi mwa Bwawa la Hombolo, Jiji la Dodoma, kwenye vitalu viwili vya mteremko mmoja. Kitalu A kimezungushiwa senyenge tangu 2018 na mifugo haiingii. Kitalu B, mita 150 kusini yake, ni malisho ya wazi. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Tulipima tarehe 17 hadi 28 Machi 2025, wakati nyasi nyingi zimetoa masuke. Masuke yakishapukutika, kutofautisha spishi huwa kubahatisha. Kazi ilianza saa moja asubuhi na kukoma saa tano.

Kupanga transekti

Katika kila kitalu tulilaza mstari wa msingi wa mita 300 sambamba na kontua, chini ya mteremko. Mstari uligawanywa vipande vitano vya mita 60, na ndani ya kila kipande tukachagua sehemu moja ya kuanzia kwa kuchota kikaratasi kimoja kati ya 60 (0 hadi 59). Kitalu A kilipata mita 17, 98, 131, 222 na 259. Kitalu B mita 41, 66, 158, 190 na 283. Kutoka hapo kila transekti ilipanda mteremko mita 100, nyuzi 90 kutoka mstari wa msingi kwa dira. Utepe ulifuata uso wa ardhi, kwa hiyo mita zote ni za ardhini, si za mlalo.

Koordineti zilisomwa kwa GPS katika WGS 84 / UTM 36S (EPSG:32736). Hombolo iko karibu na nyuzi 36 Mashariki, mpaka wa zoni 36 na 37, hivyo atakayerudia afunge kifaa kwenye zoni 36. GPS peke yake haitoshi, kwani kosa la mita tatu hadi tano linahamisha kwadrati nzima. Nondo nazo hazidumu. Wakusanya chuma chakavu huzing'oa. Kwa hiyo kila mwanzo na mwisho wa transekti tulizika jiwe lililopakwa rangi nyeupe, tukapima umbali na uelekeo wake kutoka miti miwili mikubwa, hasa mibuyu.

Kwadrati

Fremu ilikuwa ya bomba la plastiki, mita 1 kwa 1, yenye nyuzi zinazounda vyumba 100. Chumba kimoja ni asilimia 1. Upande mmoja hufunguka ili fremu ipite chini ya vichaka. Tuliiweka kwenye mita 5, 15, 25 hadi 95, kumi kwa transekti, 100 kwa jumla. Ilikaa kulia kwa utepe ukitazama juu, kona yake ya chini kushoto ikigusa alama ya mita. Wapimaji walitembea kushoto tu, wasikanyage watakachopima.

Ufunikaji ulikadiriwa kwa kila spishi, pamoja na ardhi tupu, mawe na majani makavu. Kwa kuwa mimea hupandiana, jumla inaweza kuzidi 100. Mmea ulihesabiwa ikiwa shina limeota ndani. Ulioota kwenye ukingo ulihesabiwa kwa upande wa kushoto na wa chini tu. Kishungi kimoja cha nyasi ni mmea mmoja. Nyasi zinazotambaa hazikuhesabiwa, zilikadiriwa ufunikaji pekee.

Fremu haikuhamishwa kwa sababu ya njia ya ng'ombe wala kichuguu. Hivyo ni sehemu ya ardhi inayopimwa, na viliandikwa vilivyo. Ilisogezwa mita moja mbele pale tu ukingo wa korongo ulipokuwa hatari. Ilitokea mara mbili, zote Kitalu B (transekti 3, mita 65, transekti 5, mita 15).

Vichaka na miti

Kwenye utepe wenyewe tuliandika sentimita ambapo kila taji la kichaka au mti lilianza na kuishia, hata lililo juu ya kichwa. Pengo la chini ya sentimita 10 ndani ya taji halikukatwa.

Utambuzi na wapimaji

Majina ya Kigogo yalitajwa na wazee wawili wafugaji, lakini jina moja wakati mwingine hubeba spishi mbili, kwa hiyo kila spishi ilikaushwa ndani ya gazeti na kupewa namba, HB01 na kuendelea. Mgunga umeandikwa *Vachellia tortilis*, zamani *Acacia tortilis*.

Wapimaji wawili walianza kwa kwadrati kumi za mazoezi nje ya vitalu, kila mmoja akikadiria bila kumwona mwenzake, hadi tofauti ikashuka chini ya asilimia 10. Takwimu hizo hazikutumika.

Uchambuzi

Kipimo huru ni transekti, si kwadrati, kwani kwadrati za utepe mmoja ni majirani. Tulipata wastani wa kila transekti, tukalinganisha vitalu kwa kupanga upya transekti kumi katika njia zote 252. Kwa kuwa kila hali ina kitalu kimoja, jaribio hili linaonyesha tofauti ya A na B. Halithibitishi kwamba senyenge ndiyo iliyoileta.