Muhtasari wa kundi la Kuhamisha Tovuti, Jumanne

Dada Rehema, pole na safari. Ukifungua kundi utakuta ujumbe 40, na karibu nusu yake ni mambo yaliyosemwa asubuhi yakabadilika mchana. Usijichoshe kuusoma wote. Nimeupitia mara mbili, na haya ndiyo yaliyosimama.

Naanza na lako, maana sisi wanne hatusogei bila hilo. Akaunti ya kikoa unayo wewe peke yako. Tunaomba uingie ushushe TTL ya rekodi ya `A` kutoka `86400` hadi `300`, kabla ya Alhamisi saa 12 jioni. Sekunde 86400 ni saa 24 kamili, na seva za nje zilizokwisha kuhifadhi anwani yetu ya zamani zinaweza kuendelea kuitumia muda huo wote. Tukisubiri hadi Jumamosi yenyewe, wageni wengine watapelekwa kwenye seva ya zamani mpaka Jumapili usiku. Rekodi za `MX` usiziguse kabisa, barua pepe hazihami. Kama huko uliko mtandao unasumbua, mpigie Salim leo umwongeze awe msimamizi wa pili. Nenosiri lisipitie kwenye kundi, hilo tulikubaliana wote.

Siku ya kuhama: Jumamosi saa 4 usiku. Ukipekua juu utaona Ijumaa imetajwa mara sita. Iache. Neema alitukumbusha kwamba Ijumaa usiku watu wa hesabu wanafunga mwezi na watakuwa ndani ya mfumo, ndipo tukasogeza. Baraka hakuandika neno, aliweka kidole gumba tu, na sikujua kama anakubali siku au anakubali hoja. Nilimpigia: Jumamosi yupo.

Nakala rudufu. Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi. Salim alisema nakala inachukuliwa kila usiku, kwa hiyo tuko salama. Neema akauliza ni nani amewahi kuirudisha akaona inafanya kazi. Kundi likanyamaza kimya. Salim mwenyewe ndiye aliyerudi akasema ataijaribu, na tukaafikiana hivi: anachukua nakala mpya, anairudisha kwenye hifadhidata tupu ya majaribio, kisha anahesabu safu mlalo za jedwali la wateja pande zote mbili.

```
pg_dump -Fc -d tovuti -f tovuti.dump
createdb jaribio
pg_restore -d jaribio tovuti.dump
```

Mwenye kazi ni Salim, mwisho Ijumaa saa 6 mchana, na hesabu zote mbili aziweke kwenye kundi tuzione. Zisipolingana, Jumamosi hatuhami. Kwangu mimi huu ndio uamuzi mzito kuliko yote ya leo. Ijumaa mtu akianza kusema tofauti ni ndogo, tuendelee tu, nakuomba usimame nasi. Zile ni kumbukumbu za watu waliotuamini.

Tangazo kwa watumiaji anaandika Neema, Baraka analisoma, na linatoka Alhamisi saa 4 asubuhi.

Seva ya zamani haizimwi usiku huohuo. Inabaki siku 7 ikiwa ya kusoma tu, kisha Baraka anaizima Jumamosi inayofuata. Mimi nitakuwa macho usiku wa kuhama hadi saa 12 asubuhi nikifuatilia makosa, na Salim atanipokea.

Kuna mawili ambayo hayakuamuliwa, ingawa ukisoma haraka utadhani yameisha. La kwanza ni picha za zamani: ziende zote au zichujwe? Watu watatu walitoa maoni matatu, kisha mazungumzo yakahamia kwenye tangazo. Neema amekubali kuleta pendekezo kesho jioni.

La pili linanikosesha raha. Mambo yakiharibika Jumamosi usiku, nani anatoa amri ya kurudi kwenye seva ya zamani? Baraka aliandika “tutaona hapohapo”, wala hakuna aliyemjibu. Saa 6 usiku watu wamechoka, na kila mmoja atakuwa anataka kujaribu jambo moja zaidi. Kadiri tunavyochelewa ndivyo wateja wanavyozidi kuandika upande mpya, na hayo hayarudi nyuma nasi. Napendekeza amri iwe yako, kwa kuwa kikoa unakishika wewe, na kikomo kiwe saa 6 usiku: ikifika bado malipo hayapiti, tunarudi bila mjadala. Bado hili ni pendekezo langu tu, sijaliweka kwenye kundi.

Nijibu ndiyo au hapana kabla ya Alhamisi jioni, ukiwa unashughulikia ile TTL. Ukikataa nitamwomba Neema.

Hamisi