YAH: Ombi la Kusahihisha Kiwango cha Ada ya Bima kwa Sababu Shughuli ya Biashara Imeainishwa Kimakosa

14 Aprili 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Uandikishaji wa Bima za Biashara

Hati ya bima namba MB/0731/24
Kipindi cha bima: 1 Februari 2025 hadi 31 Januari 2026

Ndugu Meneja,

Mimi ni mmiliki wa biashara iliyotajwa katika hati ya bima hapo juu, na ninaandika kuomba shughuli ya biashara yangu isahihishwe katika jedwali la hati hiyo, na viwango vya ada vilivyotokana na kosa hilo vikokotolewe upya kuanzia siku ya kwanza ya kipindi hiki cha bima. Jedwali linasema kwamba ninafanya "uundaji wa samani za mbao". Siundi samani, wala sijawahi kuunda. Ninanunua samani za ofisini ambazo zimekwisha kutengenezwa kiwandani na hufika zikiwa vipande ndani ya maboksi, ninaziunganisha, kisha ninaziuza.

Naamini nimegundua mahali kosa lilipoanzia. Thamani ya mali ilipoongezeka, wakala wenu alikuja dukani tarehe 20 Januari 2025 kujaza fomu mpya ya maombi kwa ajili ya kuhuisha bima. Katika swali la 7, linalouliza shughuli ya biashara, nafasi ya kuandikia ni finyu, naye akafupisha kwa kalamu: "Uung. na uuzaji wa samani", yaani uunganishaji na uuzaji. Nimeitazama nakala yangu kwa makini, na ninakiri kwamba ile "g" yake, ambayo mkia wake umekatwa na mstari wa fomu, inasomeka kama "d" kwa mtu yeyote asiyejua kilichokusudiwa. Aliyeingiza taarifa kwenye mfumo wenu alisoma "Uund.", akatafuta uundaji, na hapo duka likageuka kiwanda. Simlaumu sana. Lawama nyingine ni yangu, kwa kuwa nilitia sahihi fomu bila kudai neno hilo liandikwe kwa ukamilifu.

Katika kipindi kilichotangulia, kilichoanza 1 Februari 2024, ninyi wenyewe mliiweka biashara hii katika kundi la biashara ya rejareja ya samani, na tangu wakati huo hakuna kilichobadilika katika kazi tunayoifanya. Kilichoongezeka ni wingi wa bidhaa tu, ambao ulipandisha thamani iliyokatiwa bima kwa asilimia 15. Leseni yangu ya biashara nayo inaonyesha namba 4759 ya Ainisho Sanifu la Kimataifa la Shughuli za Kiuchumi la Umoja wa Mataifa, toleo la 4, ambayo inahusu uuzaji wa rejareja wa vifaa vya umeme vya nyumbani, samani, taa na vitu vingine vya nyumbani katika maduka maalumu. Utengenezaji wa samani una namba yake tofauti, 3100. Ninafahamu kwamba kampuni ya bima ina jedwali lake la viwango na hailazimiki kufuata ainisho hilo, ila ninalitaja ili ionekane kwamba tofauti kati ya kazi hizi mbili sikuibuni mimi baada ya kuona ankara.

Naomba nieleze kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu ndiyo inayopaswa kuamua kiwango. Eneo lote lina mita za mraba 340; mbele ni duka, nyuma ni stoo, na katikati kuna nafasi yenye meza mbili ambapo vijana watatu huunganisha samani. Meza ya ofisi huja na miguu ya chuma iliyokwisha kupakwa rangi, uso uliokwisha kukatwa na kufunikwa kwa plastiki, na mfuko mdogo wa bolti, nati na skrubu. Matundu yote yamekwisha kutobolewa kiwandani. Kijana hukaza bolti kwa spana na bisibisi ya betri, na meza moja humchukua kama dakika 40. Mara chache tundu hukataa kulingana na lenzake, naye hulipanua kidogo kwa drili ya betri. Huo ndio useremala wote unaofanyika katika jengo hili. Hakuna msumeno wa umeme, hakuna mashine ya randa wala ya msasa, hakuna gundi ya kuchemsha, na hakuna kulehemu. Hatupigi rangi wala vanishi, na kwa hiyo hatuhifadhi tina.

Ninaelewa vizuri kwa nini karakana ya mbao hutozwa ada kubwa. Vumbi la mbao likitanda hewani huweza kulipuka kwa cheche moja, maranda yakirundikana karibu na mota yenye joto huwaka, mvuke wa vanishi na tina hushika moto upesi, na matambara yaliyolowa mafuta ya kitani hujipasha joto yenyewe hadi kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Kwa wafanyakazi kuna vidole na misumeno. Kama ningekuwa na mambo hayo ningelipa kiwango chake bila kulalamika, lakini ninatozwa kwa hatari ambazo hazimo ndani ya jengo.

Hatari zilizomo sitaki kuzificha, maana mkataba wa bima husimama juu ya kusema kweli kwa pande zote mbili. Viti vya ofisi vina sponji, na sponji ikishika moto huwaka haraka na kutoa moshi mzito wenye sumu. Kwa kawaida stoo huwa na viti kati ya 90 na 120, na maboksi matupu hukaa ndani hadi mzoaji anapofika kuyachukua, mara mbili kwa wiki. Betri za drili na bisibisi huchajiwa mchana tu, juu ya meza ya chuma, na chaja huchomolewa kabla ya kufunga. Mitungi ya kuzimia moto iko 4 na ilikaguliwa mara ya mwisho mwezi Februari mwaka huu. Mkiona kwamba sponji hiyo inastahili nyongeza ndogo juu ya kiwango cha duka la kawaida, niko tayari kulizungumza hilo, mradi nyongeza itokane na kitu kilichopo.

Mkaguzi wenu mwenyewe alifika hapa tarehe 22 Mei 2024, akapita kila kona na kupiga picha. Ukurasa wa 2 wa ripoti yake, ambayo nilipewa nakala, unasema: "Hakuna mashine za mbao. Hakuna upakaji rangi. Bidhaa huwasili zikiwa zimefungwa." Ripoti hiyo imo katika faili lenu, na jedwali la sasa linapingana nayo moja kwa moja.

Kuhusu hesabu, bima ya moto imetozwa 6.0 kwa kila elfu ya thamani iliyokatiwa bima, wakati kiwango mlichonitoza mwaka uliotangulia, katika kundi la rejareja, kilikuwa 2.2 kwa elfu. Katika bima ya ajali kazini, wale vijana watatu wameandikwa "mafundi wa mashine za mbao" na kutozwa 32 kwa kila elfu ya mishahara yao, badala ya 11 iliyotumika awali walipoandikwa wahudumu wa stoo. Huenda mkajiuliza kwa nini nilichelewa kuligundua hili. Mwaka jana nililipa ada yote kwa mkupuo, ila mwaka huu wakala alinishauri kulipa kwa awamu, na awamu ya kwanza ya bima ya moto ikaja ikiwa karibu asilimia 78 ya ada nzima ya mwaka jana, nami nikaamini kwamba kilichobaki ni kidogo. Ankara ya awamu ya pili ilipofika tarehe 9 Aprili ikionyesha kwamba awamu ziko 4 na zote zinalingana, ndipo nilipolifungua jedwali na kulisoma neno kwa neno.

Kwa viwango sahihi, awamu moja niliyokwisha kulipa inatosha asilimia 68 ya ada ya moto ya mwaka mzima, na karibu asilimia 73 ya ada ya ajali kwa wafanyakazi hao watatu. Sidai kurudishiwa fedha. Ninaomba salio sahihi likokotolewe na liwekwe lote katika awamu ya pili, ambayo nitailipa kabla ya tarehe 1 Mei, na awamu ya tatu na ya nne zifutwe.

Lipo jambo linalonisumbua kuliko ada yenyewe. Baada ya kuandikwa kuwa mtengenezaji, hati iliongezewa masharti mawili. Sharti la 14 linataka mtambo wa kufyonza vumbi la mbao ufanyiwe matengenezo kila miezi 6 na kumbukumbu zake zitunzwe. Sharti la 15 linataka vanishi na tina vifungiwe katika kabati la chuma nje ya jengo. Sina mtambo huo, sina vanishi, na kabati hilo sina la kuliwekea kitu. Kwa maana ya maneno yaliyoandikwa, ninavunja sharti la 14 kila siku ninapofungua duka. Moto ukitokea leo, hata uwe umeanzia kwenye waya wa taa, mtathmini wa hasara atakuta hati inayoeleza biashara isiyokuwapo na masharti ambayo hayakutekelezwa, na dai langu litaanza safari yake kwa ubishi. Kwa sababu hiyo ninaomba masharti yote mawili yaondolewe kwa hati ya marekebisho, na maelezo ya shughuli yasomeke hivi, bila kifupisho: "Uuzaji wa rejareja wa samani za ofisini, pamoja na uunganishaji wa samani zilizotengenezwa kiwandani kwa kutumia zana za mkono na za betri, bila kukata mbao, kupaka rangi wala kulehemu."

Wakati shauri hili linashughulikiwa, naomba mnithibitishie kwa maandishi kwamba kinga inaendelea bila kukatika, na kwamba masharti ya 14 na 15 hayatatumika dhidi yangu kuanzia tarehe mtakayopokea barua hii. Iwapo mtataka kumtuma mkaguzi tena, anakaribishwa siku yoyote ya kazi kati ya saa 2 asubuhi na saa 11 jioni, hata bila taarifa. Iwapo mtaona ombi hili halikubaliki, naomba nielezwe sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha jedwali la viwango mlichokitumia, ili nijue la kufanya kabla ya tarehe 1 Mei.

Nimeambatanisha nakala ya fomu ya maombi ya tarehe 20 Januari 2025, ambapo nimelizungushia duara neno lenye utata, ukurasa wa 2 wa ripoti ya mkaguzi, jedwali la mwaka uliotangulia na la sasa, leseni ya biashara, ankara za manunuzi za miezi 12 iliyopita zinazoonyesha kwamba kila samani ilinunuliwa ikiwa imetengenezwa, na picha 11 za eneo la kazi zilizopigwa tarehe 11 Aprili 2025. Nakala ya barua hii nimempelekea wakala.

Wako katika biashara,

(Sahihi)

Mmiliki na Msimamizi
Mwenye hati ya bima namba MB/0731/24