Barua ya maombi: Lundo la taka nyuma ya shule liondolewe kabla ya 29 Agosti 2025

Kamati ya Wakazi wa Mtaa
Jumanne, 8 Julai 2025

Mkurugenzi wa Halmashauri,
Ofisi ya Halmashauri.

K.K.: Afisa Afya na Afisa Mazingira wa Halmashauri

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUONDOA LUNDO LA TAKA NYUMA YA SHULE YA MSINGI NA KURUDISHA RATIBA YA LORI LA TAKA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wakazi 263 wa mtaa huu tuliotia saini karatasi zilizoambatanishwa. Tumekwisha kuandika mara mbili juu ya jambo hili, na barua zote mbili zilikuwa ndefu, zenye malalamiko mengi yaliyochanganyika. Safari hii tunaanza na yale matatu unayohitaji kuyajua, hata kama hutapata nafasi ya kusoma zaidi ya hapo.

TATIZO: Kizimba cha taka kilicho nyuma ya shule ya msingi kimefurika hadi kuwa lundo, kwa sababu lori la taka haliji kwa ratiba. Lundo hilo liko mita 9 kutoka ukuta wa darasa la tatu na mita 31 kutoka kisima tunachotumia.

TUNACHOOMBA: Lundo lote lizolewe, kisha lori lipite mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kama ratiba yenu wenyewe inavyosema.

MWISHO: Lundo liwe limekwisha kuondoka ifikapo Ijumaa, 29 Agosti 2025, na safari za Jumanne na Ijumaa zianze Jumanne, 2 Septemba 2025. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya Ijumaa, 25 Julai 2025.

Sasa maelezo.

Ratiba iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa inasema lori litapita kila Jumanne na kila Ijumaa. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 30 Juni zilikuwepo siku 26 za namna hiyo. Lori lilikuja mara tano: tarehe 4 na 22 Aprili, tarehe 2 na 27 Mei, na tarehe 17 Juni. Hatukubahatisha hesabu hii. Mama mmoja anayeishi mkabala na kizimba aliweka daftari la shule la kurasa 48 dirishani, akawa anaandika tarehe, saa lori lilipofika na saa lilipoondoka. Nakala ya kurasa hizo tumeiambatanisha. Kati ya tarehe 2 na 27 Mei zilipita siku 25 bila lori. Tangu tarehe 17 Juni hadi leo tunapoandika, siku 21, halijaonekana.

Kizimba kilijengwa kwa taka za siku tatu au nne, na kwa kazi hiyo kinatosha. Taka za siku 25 hakiwezi kuzibeba. Zilipofika ukingoni zikaanza kumwagwa pembeni, halafu pembeni ya pembeni, hadi zikafika uzio wa shule. Jumamosi, tarehe 5 Julai, tulipima lundo kwa futi kamba: urefu mita 14, upana mita 6, na kimo mita 1.6 pale palipoinuka zaidi. Kwa kuwa limelala kama kichuguu, tumekadiria nusu ya ujazo wa sanduku la vipimo hivyo, yaani kama mita za ujazo 67. Tipa la mita 10 za ujazo litahitaji safari saba. Tumeyaweka haya mapema ili watu wako wasije na gari moja dogo, wakachota juu juu na kuondoka, kama ilivyotokea tarehe 17 Juni.

Tunaomba uelewe kwa nini tunang'ang'ania mara mbili kwa wiki na hatusemi tu "mara kwa mara". Nzi wa nyumbani hutaga mayai 100 hivi kwa mara moja kwenye taka zinazooza, na hutaga mara kadhaa maishani. Kukiwa na joto, mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Funza huishi humo humo kwenye taka kwa siku nne hadi saba, kisha hutambaa kutafuta sehemu kavu ya kugeuka, na ndani ya siku saba hadi kumi tangu yai litagwe nzi mpya anaruka. Taka zikizolewa kila baada ya siku tatu au nne, funza huondoka na lori kabla hawajapata mabawa. Zikikaa wiki moja, tumekwisha kuchelewa. Zikikaa siku 25, hicho kizimba ni kiwanda cha nzi, na vizazi viwili vimekwisha kutoka humo. Ratiba ya Jumanne na Ijumaa iliwekwa na mtu aliyejua anachofanya. Tunaomba iheshimiwe tu.

Ukitaka kuona maana ya hayo, njoo saa nne asubuhi usimame mlangoni mwa darasa la tatu. Madirisha matatu ya upande wa lundo yamezibwa kwa maboksi yaliyofunguliwa na kupigiliwa misumari, kwa sababu harufu na nzi vilizidi. Watoto wanasoma gizani, mlango ukiwa ndio njia pekee ya hewa. Tulipoingia tarehe 24 Juni kwa ruhusa ya mwalimu, mtoto aliyekaa dawati la mwisho alikuwa ameinua daftari lake kwa mkono wa kushoto akilipunga usoni huku anaandika kwa mkono wa kulia, na hakuwa akifikiri anafanya jambo la ajabu. Wenzake wawili walikuwa wakifanya vivyo hivyo. Wamezoea. Sisi wazazi wao tumeumia kuliko tunavyoweza kuandika hapa, kwa maana mtoto wa miaka minane hakupaswa kuzoea jambo hilo.

Kisima kinatutia hofu zaidi. Ardhi inateremka kutoka kizimbani kwenda kisimani, na mtaro uliokuwa ukipeleka maji ya mvua barabarani umezibwa na taka. Mvua ikinyesha, maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye lundo hayana pa kwenda ila huko chini. Hatudai kwamba kila mtoto aliyeharisha mwaka huu ameharishwa na lundo hili. Hatuna vipimo, na hatupendi kusema tusichokijua. Tunachojua ni kwamba kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara huenea kwa maji na chakula kilichochafuliwa, na kwamba mvua zinakuja. Hiyo ndiyo sababu ya tarehe tuliyoweka. Shule itafungwa mwezi wote wa Agosti, kwa hiyo shoveli inaweza kufanya kazi pasipo mtoto karibu. Shule inafunguliwa Jumatatu, tarehe 1 Septemba, na mvua hufuata. Baada ya hapo kazi itakuwa ngumu zaidi na hatari zaidi.

Tumesikia majibu mawili kwa mdomo kutoka kwa watendaji wako, na tunapenda kuyajibu kwa heshima.

La kwanza ni kwamba lori ni bovu. Tunaamini, kwa sababu tumeliona likivuja mafuta. Hatuombi lori jipya katika barua hii. Tunaomba kwamba lori linapoharibika, halmashauri itume trekta na tela au ikodi gari, na itoe taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo ili tuzuie watu kutoa taka nje. Taka zinazobaki nyumbani ndani ya mfuko uliofungwa kwa siku moja zaidi ni usumbufu mdogo. Zikikaa barabarani wiki tatu ndipo zinapotuletea haya.

La pili ni kwamba wananchi wenyewe ndio wachafuzi. Hapo tunakiri sehemu yetu. Wapo waliokuwa wakitupa usiku, wapo waliokuwa wakileta vifusi vya ujenzi na matawi ya miti, na wapo waliochoma. Tangu Mei tumeacha kuchoma, kwa sababu plastiki inayoungua polepole kwenye lundo hutoa moshi wenye sumu, na moshi huo ulikuwa ukiingia moja kwa moja darasani. Tumepanga zamu ya watu wawili wawili kizimbani asubuhi na jioni. Vifusi vinarudishwa kwa mwenye navyo. Njia ya kizimbani iliyokuwa imebanwa na magari yaliyoegeshwa sasa iko wazi, lori litapita bila kurudi kinyumenyume. Ada ya taka tunalipa, na nakala za risiti za kaya 112 zimo kwenye viambatisho. Upande wetu tumeutengeneza. Uliobaki hatuna mikono wala gari la kuuweza.

Na jambo moja kuhusu vijana wa lori: hatuna ugomvi nao hata kidogo. Tarehe 17 Juni walichota taka kwa mikono mitupu, mmoja akakatwa na chupa kiganjani, akafungwa kitambaa cha mama lishe akaendelea na kazi. Hatujaweka jambo hili kwenye maombi ili lisiyachanganye, lakini kama kuna glavu na viatu vya mpira katika stoo ya halmashauri, tafadhali wapewe kabla hawajatumwa kwenye lundo la ukubwa huu. Sisi tutaandaa maji na sabuni, na watu 20 wenye makoleo wa kusaidia kufagia nyuma ya shoveli. Tupe siku tu.

Jibu la maandishi la kabla ya 25 Julai tunaomba liseme mambo manne: kama ombi limekubaliwa au la, tarehe shoveli na tipa zitakapokuja, ni afisa gani anayesimamia, na kama limekataliwa, ni kwa sababu gani. Jibu la "tunalifanyia kazi" hatutalihesabu kuwa jibu, na tunakuomba utuelewe kwa hilo, kwani tumelipokea mara mbili.

Ikiwa tarehe 25 Julai itapita kimya, tutamwomba diwani wetu awasilishe barua hii pamoja na saini zote katika kikao kinachofuata cha baraza la madiwani, na wawakilishi wetu watano watahudhuria kusikiliza. Hatutafunga barabara, wala hatutamwaga taka mbele ya ofisi yako, ingawa wapo waliopendekeza hivyo katika mkutano wa tarehe 29 Juni. Mkutano ulikataa kwa kura za kunyoosha mikono. Tumeamua kufuata mlango.

Afisa wako akitaka kuja kuona kabla ya kuamua, aje siku yoyote. Katibu wa kamati atampokea ofisi ya mtaa na kumpeleka kwa miguu. Ni mwendo wa dakika sita.

Tunawasilisha kwa heshima,

Mwenyekiti na Katibu wa Kamati ya Wakazi,
kwa niaba ya wakazi 263 waliotia saini.

Viambatisho: karatasi za saini (kurasa 11); nakala ya daftari la safari za lori, Aprili hadi Juni; picha sita za lundo, darasa na mtaro, zilizopigwa tarehe 5 Julai; nakala za risiti za ada ya taka; nakala za barua zetu mbili zilizotangulia zenye mhuri wa kupokelewa.

Nakala: Diwani wa kata, Mwenyekiti wa mtaa, Mwalimu mkuu wa shule ya msingi.