Mpango wa kuhama kutoka Tally kwenda ERPNext: 31 Oktoba hadi 30 Novemba 2026

Kwa: Mkurugenzi wa Fedha, Meneja Mkuu, mameneja wa matawi (Kurasini, Mbeya, Mwanza), wahasibu na watunza stoo
Kutoka: Meneja wa Mradi

Ndugu zangu,

Kikao cha Jumatatu kimepitisha tarehe. Jumamosi 31 Oktoba ndiyo siku ya mwisho ya kuuza kwa Tally, na Jumatatu 2 Novemba saa 2:00 asubuhi tunauza kwa mfumo mpya matawi yote matatu. Baadhi yenu mlipendelea 1 Januari kwa sababu hesabu za mwaka zinaanza upya. Hoja ni nzuri kwa vitabu lakini mbaya kwa watu: Desemba wahasibu wanafunga mwaka, nusu ya wafanyakazi wako likizo, na kosa la wiki ya kwanza lingegongana na wakaguzi. Tumekubali kazi ya ziada ya kuhamisha mapato na matumizi ya miezi kumi ili Novemba nzima itumike kurekebisha.

Kufunga

Ijumaa 16 Oktoba jioni tunafunga orodha ya bidhaa, wateja, wasambazaji na bei. Mteja mpya atakayekuja baada ya hapo atauziwa taslimu tu, na jina lake litaandikwa kwenye fomu ya karatasi iliyoko kwa msimamizi wa mauzo. Oda mpya za ununuzi zinasimama Ijumaa 23 Oktoba. Oda ambazo mzigo wake haujafika wote zitafungwa Tally na kuandikwa upya ERPNext kwa kiasi kilichobaki peke yake.

Magari ndiyo yatatusumbua zaidi. Lori likiwa njiani usiku wa kuhesabu, saruji yake haiko Kurasini wala haiko Mwanza, na mtu atashawishika kuihesabu pande zote mbili. Kwa hiyo gari la mwisho la Mwanza linatoka Jumatano 28 Oktoba kabla ya saa 6:00 mchana, la Mbeya Alhamisi 29 asubuhi. Meneja wa tawi asaini mzigo ulipofika na anitumie picha ya hati siku hiyohiyo. Likiharibika njiani, mzigo unabaki kwenye stoo ya Kurasini kwenye vitabu, na meneja wa tawi hauhesabu hata ukiingia getini usiku wa manane.

Malipo ya benki yanasimama Alhamisi 29 saa 9:00 alasiri. Hundi ambazo hazijapita benki ziorodheshwe moja moja. Fedha zilizoko kwenye lipa namba zihamishiwe benki Jumamosi saa 6:00 mchana, matawi yafunge mauzo saa 7:00, na kila mashine ya EFD itoe ripoti ya Z kabla kuhesabu hakujaanza. Ripoti hizo tatu zibandikwe kwenye karatasi za hesabu, tutazihitaji.

Salio anzia

Kila salio litaingia kwa tarehe 31 Oktoba dhidi ya akaunti ya `Temporary Opening`. Kazi ikiisha, akaunti hiyo isome sifuri. Si karibu na sifuri.

Wadaiwa na wadai wanaingia ankara kwa ankara, kila moja na tarehe yake halisi, kupitia `Opening Invoice Creation Tool`. Tukiingiza jumla ya mteja kwa mkupuo, deni la Machi litaonekana limezaliwa jana na hakuna atakayejua nani wa kufuatwa. Ankara hizi zinaingia kwa kiasi kinachodaiwa chote, bila mstari wa VAT, maana VAT yake ilishaingia kwenye ritani za Tally. Salio la VAT linalodaiwa na TRA linaingia peke yake kwenye leja. Ritani ya Oktoba, inayotakiwa ifikapo 20 Novemba, itatoka Tally. Ya Novemba itatoka mfumo mpya.

Stoo inaingia kwa `Stock Reconciliation`, kusudi `Opening Stock`, kwa idadi iliyohesabiwa sakafuni na gharama ya wastani ya Tally. Tofauti kati ya hesabu ya sakafuni na Tally irekebishwe ndani ya Tally kwanza, kabla ya kutoa urari wa mwisho.

Mapato na matumizi ya Januari hadi Oktoba hayakubaliwi kwenye ingizo la kufungulia, mfumo unayakataa. Yataingia kwa `Journal Entry` ya kawaida yenye tarehe 31 Oktoba.

Kwenye mazoezi ya 10 Oktoba tuliyofanya kwa urari wa Septemba, `Temporary Opening` ilibaki na shilingi 14,260,000. Ilituchukua nusu siku kugundua ni amana za wateja wa mabati na nondo waliolipa kabla ya kuchukua mzigo. Tally iliwaonyesha kama wadaiwa wenye salio hasi, na chombo cha ankara kiliwaruka. Safari hii amana zinaingia kwa `Journal Entry` yenye jina la mteja, safu ya `Is Advance` ikiwa `Yes`. Mhasibu wa wadaiwa aandae orodha yake mapema, tofauti na ankara.

Kuendesha sambamba

Hatutaandika kila kitu mara mbili. Muuzaji anayeingiza ankara ileile kwenye mifumo miwili huishia kukosea yote miwili, na zaidi ya hapo, mauzo moja yana risiti moja ya EFD. Risiti zitatoka kupitia mfumo mpya tu.

Kuanzia 2 hadi 30 Novemba, mhasibu mmoja makao makuu ataingiza Tally muhtasari wa siku wa kila tawi: mauzo kabla ya VAT, VAT, makusanyo na malipo. Kila Ijumaa tunalinganisha na ERPNext, na mauzo ya tawi yalinganishwe pia na ripoti za Z. Mishahara ya Novemba ndiyo pekee itakayokokotolewa kikamilifu pande zote mbili, mtu kwa mtu, pamoja na PAYE na NSSF. Stoo haina sambamba kabisa: daftari ni moja, la mfumo mpya.

Kurudi nyuma

Anayeamua ni Mkurugenzi wa Fedha. Asipopatikana kwa simu ndani ya dakika 30, Meneja Mkuu. Mimi nashauri, siamui.

Jumapili 1 Novemba saa 12:00 jioni tunakutana na karatasi tatu mezani: urari wa mifumo yote miwili, jumla ya wadaiwa na wadai, na thamani ya stoo. `Temporary Opening` ikiwa na hata shilingi moja isiyo na maelezo, au tawi lolote likishindwa kutoa risiti ya majaribio, tunaahirisha mwezi mzima. Hapo kurudi ni rahisi: Tally haijaguswa, Jumatatu tunafungua na kuuza.

Kuanzia Jumatatu kurudi kuna gharama, maana itabidi mauzo yaandikwe upya Tally kutoka kwenye ripoti za Z na hati za kutolea mzigo. Bado tutarudi iwapo tawi litashindwa kutoa risiti kwa zaidi ya saa mbili mfululizo, au idadi za stoo zikianza kubadilika bila hati. Ripoti kuwa mbaya, skrini kuwa nzito au mteja kunung'unika si sababu.

Jumatano 4 Novemba saa 6:00 mchana mlango huo unafungwa. Baada ya hapo kila tatizo linatatuliwa ndani ya mfumo mpya, na ombi la kurudi halitasikilizwa hata likitoka juu.

Bekapu ya Tally ya Jumamosi usiku itawekwa kwenye diski mbili, moja Kurasini na moja Mbeya. Fundi aifungue kwenye kompyuta nyingine na kunionyesha urari wake kabla hajaenda kulala. Baada ya 30 Novemba Tally inabaki ya kusoma tu, kwa miaka isiyopungua mitano.

Mameneja wa matawi mnijibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa: nani anahesabu, nani anashuhudia, na jenereta ina mafuta ya saa ngapi.