Barua kwa mfadhili: waliyosema wananchi kwenye vikao vya maji Meru

Mama shikamoo,

Pole na majukumu. Ripoti ya vikao nitaijaza kwenye fomu yenu ila nimeona nikuandikie kwanza hivi kawaida, maana watu waliongea mengi na fomu haiwezi kuyabeba. Vikao vilikuwa vitano, viwili Maji ya Chai na vitatu Ngarenanyuki, vyote tumerekodi kwa simu kwa ruhusa yao na nimesikiliza kila kitu mara mbili.

Kikubwa walichorudia ni kwamba ndoo za kuchujia wanazo, shida ni nani anabadilisha mkaa wa mifupa ukishachoka. Kwamba maji yana floraidi nyingi hakuna anayebisha. Mama mmoja alimwita mwanae wa darasa la tatu akamwambia fungua mdomo, meno kahawia yana vishimo, akasema huyu kakua ndoo ikiwa pale pale jikoni. Yaani mkaa ukishajaa floraidi, maji yanapita tu, rangi ile ile ladha ile ile, mtu anakunywa akijua yuko salama. Nyumba nyingine ndoo sasa inatunzia unga. Na wengi wanachemsha wakidhani inasaidia, kumbe yanayopungua ni maji, floraidi inabaki humo humo.

Ngarenanyuki wazee wa Kiislamu waliuliza ni mifupa ya mnyama gani, na kiukweli sikuwa na jibu lililonyooka. Naomba anayetuuzia mkaa atuandikie karatasi, hilo ni haki yao. Bibi mwingine aliuliza kuhusu magadi anayolainishia makande, nilipomwambia nayo yana floraidi alinyamaza muda mrefu, kwenye rekodi unasikia kuku tu.

Wanachotaka ni matenki ya mvua shuleni kwanza, kwa sababu meno ya mtoto yanaharibika wakati bado yanajijenga, mtu mzima hata akipewa maji masafi leo meno hayarudi. Bati zipo, gata hakuna. Wanaume kadhaa walitaka kisima kirefu, mimi nina wasiwasi nacho maana huku unaweza kuchimba ukakuta floraidi imezidi, lazima yapimwe kwanza, ila nimeandika walivyosema.

Kina mama walifunguka zaidi simu ikishazimwa. Hayo siyaweki hapa kwa kuwa hawakuruhusu, lakini naomba nauli na chai ya kikao kimoja chao peke yao, mwezi wa pili, kabla masika hayajaanza mwezi wa tatu.

Na Mama, ile hela ya ndoo mpya naomba isitoke kwanza. Kila kijiji kichague watu wawili wa kubadilisha mkaa, tukubaliane watalipwa nini, ndiyo tununue.

Nashukuru sana,
Mratibu wa vikao, Usa River