Mpango wa Kurudi Nyuma na Orodha ya Ukaguzi: Programu ya Mikopo, Toleo v1.0.0

Zoezi la kuwasha programu ni Jumanne, 10 Machi 2026, saa 12:00 asubuhi. Kwenye logi itasomeka 03:00, maana seva inatumia UTC. Ofisi ya chama inafunguliwa saa 2:00, kwa hiyo tuna saa mbili za utulivu na siku nzima ya kuangalia. Ijumaa tuliikataa, na tarehe za mishahara tumezikwepa kwa sababu ndipo makato ya mikopo yanapoingia kwa wingi.

Tunarudi wapi?

Hili ni toleo la kwanza. Hakuna toleo la jana la kurudia. Kurudi nyuma maana yake ni kurudi kwenye daftari la Excel analotumia mhasibu hadi leo. Daftari hilo litajazwa sambamba na programu kwa siku 14, na asubuhi hiyo orodha ya salio la kila mwanachama, wote 1,240, itachapishwa na kuwekwa kaunta. Likiachwa hata siku mbili, mpango huu hauna pa kusimama. Naomba mhasibu asiachiwe kazi hii peke yake: karani mmoja amsaidie.

Kabla ya Jumanne

- [ ] TTL ya DNS imeshushwa hadi 300 tangu Jumapili.
- [ ] Jumla ya akiba na jumla ya mikopo kwenye databesi zinalingana na daftari hadi shilingi ya mwisho. Tofauti ya shilingi 50 inatosha kuahirisha zoezi.
- [ ] Nywila za majaribio na akaunti za majaribio zimefutwa.
- [ ] Kazi ya kukokotoa riba imepangwa kwa saa za hapa. Ikiachwa 00:00 ya UTC itaanza saa 9:00 usiku, na malipo ya baada ya saa 6:00 yatahesabiwa siku isiyo yake.
- [ ] Bakapu imerudishwa kwenye databesi ya pembeni, si kuchukuliwa tu.

Hilo la mwisho nalisisitiza. Kwenye mazoezi yetu ya kwanza `pg_restore` ilikwama kwa sababu seva mpya haikuwa na mtumiaji `mkopo_app`. `pg_dump` haibebi watumiaji. Tulipomtengeneza kwanza, kazi iliisha kwa dakika 11. Faili la bakapu lilikuwepo muda wote, na bado tusingeweza kulitumia.

```
pg_dump -Fc -f kabla-v1.0.0.dump mkopo
createdb -O mkopo_app mkopo_jaribio
pg_restore --exit-on-error -d mkopo_jaribio kabla-v1.0.0.dump
```

Nani anaamua

Kiongozi wa zoezi peke yake. Mtu yeyote kwenye simu ya pamoja anaweza kusema "simama", na kazi inasimama hapo hapo bila kuulizwa sababu kwanza.

Tunarudi nyuma ikitokea lolote kati ya haya: salio la mwanachama hata mmoja limekosewa, malipo moja yameingizwa mara mbili, makosa ya 5xx yamezidi asilimia 2 kwa dakika 10 mfululizo, au makarani hawawezi kuingia hadi saa 1:30.

Namna ya kurudi

Kwanza funga mlango:

```
touch /srv/mkopo/MATENGENEZO
```

Nginx ikiliona faili hilo inatoa ukurasa wa matengenezo. Kanuni hiyo imewekwa ndani ya `location /` tu, ili `/malipo/taarifa` ibaki wazi. Mwanachama aliyelipa kwa simu hajui kwamba sisi tumefunga. Pesa yake imeshatoka. Taarifa za malipo hupokelewa na huduma ndogo ya pembeni na kuandikwa zilivyo kwenye databesi nyingine, `mapokezi`. Databesi hiyo haiguswi kwa hali yoyote.

Kama hakuna malipo yaliyoingizwa bado, rudisha bakapu, mjulishe mhasibu, kaunta iendelee na daftari. Hapo hasara ni muda wetu tu.

Malipo ya kwanza yakishaingizwa, kurudisha bakapu ni marufuku, kwa kuwa tutafuta fedha za watu. Badala yake weka `MALIPO_WAZI=false`, washa huduma upya, kisha ondoa `MATENGENEZO`: wanachama wataona salio lakini hakuna kitakachoandikwa. Kama kosa liko kwenye salio lenyewe, mlango ubaki umefungwa. Tengeneza v1.0.1, ipitie majaribio yale yale, ndipo malipo yaliyokusanyika `mapokezi` yaingizwe kwa namba ya muamala, kila namba mara moja.

Saa 1:00 asubuhi, kabla ya kufungua

- [ ] Karani ameingia kwa simu yake mwenyewe, kwa bando la kawaida, si Wi-Fi ya ofisi.
- [ ] Malipo halisi ya shilingi 1,000 kutoka kwa mmoja wetu yameonekana kwenye programu na yameandikwa kwenye daftari. Kuanzia hapo bakapu ya awali hairudishwi.
- [ ] Bakapu mpya imechukuliwa na nakala iko nje ya seva.
- [ ] Mhasibu amelinganisha wanachama 20 aliowachagua yeye, si sisi, na amesema kwa sauti kwenye simu: "Fungueni."