Hongera kwa cheo kipya, Mama Glory

Mama Glory, habari za jioni.

Hongera sana. Nilitaka kukuandikia tangu jana bosi alipotangaza, ila niliona niache moyo utulie kwanza. Jana yangetoka maneno ya mdomoni tu.

Unajua nami niliomba nafasi hiyohiyo, hatukufichana. Kwa hiyo sitajifanya sikuumia. Nimeumia. Usiku nimepiga hesabu za ada ya watoto kwa mshahara ambao hata haukuwa wangu. Na wenzetu walipokuwa wanapiga vigelegele, nikatoka nje kupokea simu, nadhani uliniona. Hakukuwa na simu.

Lakini hata mimi ningekaa upande wa wasaili, ningepata shida kukupita. Nakumbuka siku ile getini Machame, mvua inanyesha, mzani unaonyesha mzigo ambao mgumu mmoja anambebea mgeni mlimani umezidi kilo 20. Kiongozi wa msafara anataka kilichozidi kisukumiwe kwenye mizigo ya wenzake yaishe, mgeni ananung'unika kwamba muda unakwenda. Wewe ukafungua begi palepale juu ya turubai, ukatoa jozi ya pili ya viatu na vitabu, ukamwambia mgeni taratibu kwamba vitamsubiri ofisini Moshi. Kisha ukampigia bosi kudai aongezwe mgumu mwingine, na akaongezwa. Mimi, kusema kweli, ningemsikiliza yule kiongozi. Wagumu wanaisimulia mpaka leo, na chumvi wameongeza ya kutosha.

Kwenye bajeti bado naamini nakuzidi. Hilo niachie.

Nina maombi mawili. La kwanza, usinionee huruma. Usinipunguzie kazi, wala usinitafutie sifa kwenye kikao ili nijisikie vizuri. Nikiharibu niambie waziwazi kama ulivyozoea. Ukiniona kimya siku hizi mbili tatu, sijanuna, nameza tu. Na yakikufikia maneno ya watu kwamba Elia kasema hivi na vile, njoo uniulize mwenyewe. Ofisi yetu unaijua.

La pili ni la kazi. Njia ya Lemosho naomba uniachie kama hujaipangia mtu. Wapishi na viongozi wa kule nimezoeana nao, na Julai ikifika hatutakuwa na nafasi ya kufundishana. Ukiwa na mpango mwingine, sawa, wewe ndiye mkubwa sasa (nimeliandika hilo bila kufuta, ujue nimejitahidi).

Jumatatu asubuhi nitakuletea faili la wagumu ambao bado wanadai malipo ya safari iliyopita. Anza na hao kabla ya kitu kingine chochote, wamevumilia sana, na bosi sasa hawezi kukuzungusha kama alivyokuwa ananizungusha mimi.

Msalimie Baba Glory. Mtori wa Ijumaa unalipa wewe, na nyama iwe ya kueleweka.

Elia